Ni-, Tu-, U-: Nani Anaongea?

Wiki jana mwakilishi wa darasa letu alinipa nisome imeili yake kabla hajamtumia mhadhiri. Mwenzetu mmoja akadakia: "Umechanganya nafsi, chagua moja." Mimi nakataa. Isomeni wenyewe:

"Naandika kwa niaba ya darasa. Tunaomba jaribio lisogezwe hadi Jumatatu. Tulichelewa kuleta majina ya makundi, samahani. Unakaa maktaba mpaka saa 4 usiku na kitabu hupati. Tutashukuru ukitusaidia."

Kutoka "naandika" kwenda "tunaomba" si kosa. Anayeandika ni mmoja, wanaoomba ni wengi. Kiambishi kimebadilika kwa sababu mtendaji naye kabadilika. Ukilazimisha "tunaandika", jamani, watu 80 tumeshika simu moja?

"Tulichelewa" ndiyo inayonikera. Kisarufi ni safi, ila sisi majina tulitoa mapema. Aliyeyakalia ni yeye. Hapo "tu-" ni kichaka cha kujifichia. Iwe "nilichelewa".

Sasa "unakaa maktaba". Kijiweni tunaongea hivyo kila siku, "u-" ikimaanisha mtu yeyote. Lakini sentensi inayofuata ina "ukitusaidia", na "u-" hiyo ni mhadhiri mwenyewe. Akisoma haraka, yeye ndiye anayekaa maktaba usiku na kukosa kitabu. Iwe "tunakaa", na "hatupati".

"Unakaa" aliibadilisha bila ubishi. "Tulichelewa" tulibishania mpaka kantini, na hadi naandika hapa sijajua alituma ipi.