Ulimi Haukosi Adabu

Kibuyuni ni kijiji cha pwani karibu na Shimoni, mahali ambapo Waswahili na Wadigo wamekaa jirani kwa karne nyingi. Mtoto Mdigo aendapo shuleni na kutamka moho badala ya moto, hapakosi mtu wa kumcheka na kusema kwamba ulimi wake ni mvivu, au kwamba Kidigo ni Kiswahili kilichoharibika. Maneno hayo yamesemwa mara nyingi hata yakadhaniwa kuwa elimu. Si elimu, na ushahidi umo vinywani mwa wachekaji wenyewe.

Tuanze na jambo lenyewe. Ili kutamka t, ncha ya ulimi hupanda na kuziba kabisa njia ya pumzi, kisha huachia. Lakini t ikiwa katikati ya irabu mbili, kinywa kiko wazi kabla na wazi baada yake, na ulimi una nafasi ndogo ya kufika juu. Kizazi kimoja huziba kidogo tu, kinachofuata huacha upenyo, mwisho hubaki pumzi tupu, nayo ndiyo h. Huku ndiko kulegea kwa sauti. Hakuna aliyekusudia, wala hakuna mtoto aliyejifunza neno moja moja. Alijifunza sauti, akaitumia kila ilipotakiwa. Ndiyo maana Mdigo husema moho kwa moto, kuhuma kwa kutuma, kureha kwa kuleta. Kupata kwake ni kuphaha, kwa kuwa p nayo imelegea, midomo ikikaribiana bila kufungana.

“Basi,” atasema mpinzani, “mbona mtu kwao ni mutu, wala si muhu? Je, huo si ubabaishaji?” Swali ni zuri, na jibu lake linamshinda muulizaji. Katika Kibantu cha kale neno hilo lilikuwa na n mbele ya t: muntu. Hiyo n ilifanya t isilegee. Baadaye n ilitoweka, ikaacha t nzito yenye pumzi, nayo ikakaa mahali palipoachwa wazi na t ya zamani iliyokwisha kuwa h. Moja iliondoka, nyingine ikaingia, kama watu wanaosogea katika safu. Lau zote mbili zingechanganyika kwanza na kulegea pamoja, Mdigo angesema muhu leo. Hakusema, kwa hiyo twajua kwamba wakati wote zilikuwa zimetengana.

Tazama sasa hesabu. Mdigo husema siku tahu, lakini watu watatu ni atu ahahu. Ni mtu mmoja, siku moja, neno moja la “tatu”, na sauti ya kwanza ni mbili! Mvivu angelegeza zote. Siri ni kwamba katika ngeli ya siku namba ilitanguliwa na n, na katika ngeli ya watu haikutanguliwa nayo. Wewe usemaye Kiswahili huna haki ya kucheka, kwani wasema siku mbili lakini watu wawili. B ya kale ililegea ikawa w, ila pale ilipolindwa na m. Sheria ni ile ile. Herufi tu ndizo zilizobadilika.

Tena Kiswahili kimelegeza zaidi. Mdigo husema mvula, ndzala na makala. Mswahili husema mvua, njaa na makaa. Nani basi aliyeangusha l nzima? Bado imejificha katika vitenzi: kuzaa hutoa kuzaliwa, kutoa hutoa kutolewa, kuchukua hutoa kuchukuliwa. Ilipotea mbele ya a, ikabaki mbele ya i na e, kama katika mbili na mbele.

Mwaka 1878 wanazuoni wa Leipzig, Osthoff na Brugmann, walidai kwamba sheria za sauti hazina ubaguzi. Walizidisha kidogo, lakini wametufundisha namna ya kutafuta: ukiona neno lililokaidi, usiseme bahati, uliza sababu. Sala ina l mbele ya a kwa kuwa ilitoka Uarabuni baada ya l kwisha kuanguka. Hela ilikuja na Wajerumani. Kwa sababu hiyo hiyo Mdigo husema chitabu, na t yake ikabaki, kwa kuwa neno lilimfikia baada ya t kuwa h. Lakini kulala si neno la kigeni, na l yake ya pili imesimama mahali ambapo sheria ingeiangusha. Hapo tunasema wazi kwamba sheria imepungukiwa. Neno moja la namna hiyo halifuti mamia yanayotii, wala halimpi mtu ruhusa ya kumcheka mtoto wa Kibuyuni asemapo moho.