Neno "hadi" katika barua ya ajira

Miongoni mwa maneno madogo ya Kiswahili, sidhani kuna lililowahadaa vijana wetu wa Kisumu kama "hadi". Tangazo likisema kwamba muuzaji atapata hadi Sh 45,000 kwa mwezi, sikio la mtafuta kazi husikia arobaini na tano elfu, nalo "hadi" hupita kama upepo. Ilhali kazi ya neno hilo ni kuweka mpaka wa juu tu. Halisemi lolote kuhusu mpaka wa chini, wala halitaji ni wangapi waliowahi kuufikia huo wa juu. Mtu asiyepata hata senti moja ya kamisheni angali yumo ndani ya "hadi 45,000".

Nalileta jambo hili kwa walimu na wanafunzi kwa sababu wengi wanaohitimu, wakiwemo walimu wanaosubiri kuajiriwa na TSC, huishia kwanza katika uuzaji: wa bima, wa simu, wa taa za sola. Mwalimu wao wa zamani ndiye huombwa ushauri, na mara nyingi hana la kusema ila "jaribu tu, mwanangu". Mimi naona kuna mengi ya kusema, na yote yanaanzia katika kuisoma barua.

Mmoja wa waliokuwa wanafunzi wangu aliniletea barua ya kampuni inayouza taa za sola kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Angekaa Kisumu na kuuza katika fuo za Rarieda na Bondo, kuanzia Asembo Bay hadi Usenge. Mshahara wa msingi ulikuwa Sh 15,000. Lengo lilikuwa seti 30 kwa mwezi, na kamisheni Sh 1,000 kwa kila seti, bila ziada kwa zinazozidi 30. Hapo ndipo ile 45,000 ilipotoka. Lakini ukurasa wa pili ulikuwa na masharti matatu: anayeuza chini ya seti 24 hapati kamisheni yoyote, mteja akiacha kulipa katika siku 90 za kwanza, kamisheni yake inarudishwa, na nauli ni juu ya muuzaji mwenyewe.

Nilimshauri arudi akaulize swali moja kabla ya mengine yote: muuzaji wa katikati anauza seti ngapi? Sikusema muuzaji hodari, kwa kuwa huyo ndiye wanayemtangaza. Wala sikusema wastani, kwa maana hodari mmoja huuinua wastani wa wote. Wauzaji wa eneo wapangwe kutoka wa juu mpaka wa chini, na yule aliye katikati ndiye kioo cha mgeni. Meneja, kwa sifa yake, alimjibu: walikuwa tisa, wawili tu ndio hufikia 30, na wa katikati huuza 22.

Tupige hesabu basi. Mwenye seti 22 anapata Sh 15,000 na kamisheni sufuri. Nauli na bodaboda kwa fuo hizo tulizikadiria kuwa Sh 6,000, hivyo anabaki na Sh 9,000. Jirani yake aliyeuza seti 24 anapata kamisheni ya Sh 24,000. Seti mbili zimetenganisha watu hao kwa 24,000! Mpango wa namna hii haumpimi muuzaji. Unamning'iniza ukingoni mwa genge. Na tazama unavyofanya kazi. Tarehe 28 ya mwezi, mwenye seti 22 atamuuzia yeyote, hata yule anayejua wazi kuwa hataweza kulipa, almuradi avuke kizingiti. Mteja huyo akishindwa, taa hujifunga yenyewe, na sharti la siku 90 linamrudia muuzaji. Sharti la kwanza linamsukuma katika kosa ambalo la pili linamwadhibu kwalo.

Swali jingine ni kama lengo lenyewe limetoka ufuoni au limetoka katika ofisi ya Nairobi. Lihesabu kinyumenyume. Ikiwa katika kila nyumba kumi moja hununua, seti 30 zinadai nyumba 300, na kwa siku 26 za kazi hizo ni karibu nyumba 12 kila siku, bila kuhesabu kurudi kwa aliyesema "njoo kesho". Mtu aliyekwisha kutembea kati ya Asembo Bay na Usenge anaweza kujiamulia kama hilo linawezekana. Fauka ya hayo, fedha za ufuo zina majira. Omena huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa mashua nyingi hupumzika. Kati ya Aprili na Julai upande wetu wa ziwa huwa na msimu wa kufungwa uvuvi wa omena. Lengo linalodai seti 30 mwezi wa Mei sawasawa na Septemba liliandikwa na mtu asiyelijua ziwa. Lengo la haki lingeshuka na kupanda pamoja na majira, au lingehesabiwa kwa miezi mitatu badala ya mmoja.

Sasa nirudi katika taaluma yangu. Barua ilisema kamisheni hulipwa kwa "mauzo". Je, mauzo hukamilika lini? Mteja anapotia sahihi, anapolipa amana kwa M-Pesa, taa inapofungwa nyumbani, au anapomaliza deni? Mwanamke wa samaki pale Dunga hasemi "nimeuza" mpaka pesa ziwe mkononi, na kampuni nayo ina haki ya kusema vivyo hivyo. Isiyo na haki nayo ni kuliacha neno wazi ili ilifasiri kila mwisho wa mwezi inavyopenda. Kadhalika, ikiwa kampuni yenyewe ndiyo inayomkagua na kumkubali mteja wa mkopo, sioni kwa nini muuzaji abebe peke yake hasara ya ukaguzi huo.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasaidia kidogo. Inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, ukionyesha jinsi malipo yanavyohesabiwa, na mabadiliko yafanywe kwa kushauriana na mwajiriwa na kuarifiwa kwa maandishi. Inakataza pia makato yote kwa pamoja kuzidi thuluthi mbili ya mshahara. Na kuhusu ule msingi wa 15,000, tangu agizo la mishahara la 2022 kima cha chini cha kibarua wa kawaida Kisumu hakijakuwa chini ya Sh 15,201.65, bila marupurupu ya nyumba. Haya yote, hata hivyo, ni ya mwajiriwa. Barua ikimwita msomaji "wakala wa kujitegemea", huenda asiweze kuyadai, na neno hilo lichunguzwe kabla ya tarakimu yoyote.

Kijana alirudi na mapendekezo yaliyoandikwa: kamisheni ya Sh 700 tangu seti ya kwanza, ambayo kwa seti 22 ingempa Sh 15,400, maana ya "mauzo" iandikwe kuwa amana iliyolipwa na taa iliyofungwa, na nauli ichangiwe. Walikubali kuifafanua maana ya mauzo, wakaongeza Sh 2,000 za nauli. Kizingiti cha 24 walikataa kukigusa. Aliirudisha barua bila kutia sahihi, na muhula huu anafundisha kwa muda katika shule moja ya Nyakach kwa Sh 13,000, akilala shuleni.