Nauli ya Mahojiano: Ni ya Nani?



Mama mmoja wa Bula Pesa, Isiolo, ametuandikia kuhusu binti yake. Binti huyo amehitimu masomo ya uhasibu, naye amepigiwa simu na wakala wa ajira siku ya Alhamisi: Jumatatu saa tatu asubuhi ahudhurie mahojiano ya kazi mjini Mombasa. Hakuna lililosemwa juu ya nauli wala malazi. Mama anauliza kama ni utovu wa adabu binti kuuliza nani atakayelipa, asije akaonekana ombaomba kabla hajaonekana mfanyakazi.

Kuomba na kuuliza masharti ni mambo mawili mbalimbali. Anayeomba hutaka apewe kisicho chake. Anayeuliza masharti hutaka kujua anaingia katika nini kabla ya kutia mguu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haimlazimishi mwajiri kulipa nauli ya mtu anayekuja kuhojiwa. Kwa hiyo haki ya kudai hapana. Lakini waajiri wengi, hasa makampuni na mashirika, huwa na utaratibu wao: wako wanaolipa yote, wako wanaolipa nusu, na wako wasiolipa chochote. Afisi za serikali, kwa kawaida, humwachia mwombaji gharama zake. Basi asiyeuliza hujiamulia mwenyewe kwamba jibu ni hapana, pengine kumbe lilikuwa ndiyo.

Kabla ya kuuliza, binti na aijue safari yake kwa hesabu. Ili awe Mombasa saa tatu asubuhi ya Jumatatu, yampasa atoke Isiolo alfajiri ya Jumapili, afike Nairobi mchana, kisha awahi treni ya alasiri pale Syokimau na kushuka Miritini usiku. Hapo analala Mombasa usiku wa kwanza. Jumatatu baada ya mahojiano hupanda treni ya alasiri kurudi, analala Nairobi usiku wa pili, na Jumanne ndipo anapofika kwao. Mahojiano ya saa moja yamekula siku tatu.

Tuweke bei za kukisia, kila mmoja azirekebishe kwa zile atakazozikuta. Basi la Isiolo na Nairobi tuseme shilingi 1,000, kwenda na kurudi 2,000. Treni daraja la kawaida ni shilingi 1,500, kwenda na kurudi 3,000. Matatu za kufikia na kuondokea stesheni, mara nne kwa 150, ni 600. Malazi ya siku mbili kwa 1,500 ni 3,000. Chakula cha siku tatu kwa 500 ni 1,500. Jumla ni shilingi 10,100. Na ikiwa familia haimruhusu binti kusafiri peke yake, naye akafuatana na nduguye, kwa ndugu huyo ongeza nauli, matatu na chakula, yaani 7,100, hata kama watakaa chumba kimoja cha vitanda viwili. Sasa ni 17,200. Fedha hizo huenda mama akazikopa kwenye chama au akauza mbuzi, na kazi yenyewe bado haijapatikana.

Swali liulizwe lini? Baada ya kualikwa, na kabla ya kusema "nitakuja". Akiuliza kabla ya kualikwa amejitanguliza. Akiuliza baada ya kurudi, mwajiri hana sababu ya kulipa asichokiahidi. Na anayeulizwa ni yule aliyepiga simu, ingawa mfuko si wake. Wakala hulipwa na mwajiri kwa kumtafutia watu, naye mara nyingi hana mamlaka ya kutoa nauli. Lakini yeye ndiye anayejua mlango wa kubisha. Kwa hiyo tusimwambie "utanilipa?", bali tumwombe atupatie jibu la mwajiri. Maneno yenyewe yawe kwa maandishi, baruapepe au ujumbe wa simu, kwa namna hii:

"Bi., nashukuru kwa mwaliko wa mahojiano ya Jumatatu saa tatu asubuhi. Ninaishi Isiolo, na safari ya Mombasa itanichukua siku tatu kwenda na kurudi. Naomba kufahamishwa kabla ya Ijumaa adhuhuri: je, mwajiri hugharimia nauli na malazi ya wanaotoka mbali? Ikiwa ndivyo, tiketi itakatwa na afisi, au nitalipa mimi kisha nirudishiwe? Kwa kiwango gani, na kwa risiti zipi?"

Swali la mwisho ndilo linalosahauliwa na watu, nalo ndilo lenye fedha. "Tutakurudishia" ni neno lisilo na mpaka. Huenda wakala akawa na maana ya nauli bila malazi, au usiku mmoja bila wa pili, au mhojiwa bila anayefuatana naye. Tena afisi ya uhasibu hulipa karatasi, hailipi maneno: tiketi ya basi yenye jina, tiketi ya treni, risiti ya nyumba ya wageni yenye muhuri na tarehe. Ujumbe wa M-Pesa huonyesha aliyepokea fedha, hauonyeshi ulilala wapi. Usitegemewe peke yake. Matatu hazitoi risiti, basi aulize mapema kama kuna kiwango maalumu kwa safari za mjini. Kila karatasi ipigwe picha kabla ya kukabidhiwa.

Jibu likiwa "gharama ni zako", mlango haujafungwa. Binti aweza kuomba hatua ya kwanza ifanyike kwa simu au kwa video, aje Mombasa atakapobaki miongoni mwa wachache. Aulize pia wamealikwa wangapi: kutumia shilingi 10,100 ukiwa mmoja wa watatu si sawa na kuzitumia ukiwa mmoja wa arubaini. Wakala mwenye heshima hatachukizwa na swali hilo. Tukisema kweli, wakala anayemkasirikia binti kwa kuuliza nauli amekwisha kutuonyesha jinsi atakavyosikilizwa akidai mshahara.

Liko jambo jingine zito zaidi, nalo hufichuliwa na swali hili hili la nauli. Tuangalie fedha zinaelekea wapi. Kwa mwajiri wa kweli, fedha huja kwa mhojiwa, au huenda moja kwa moja kwa mwenye basi na mwenye nyumba ya wageni, au kila mtu hujilipia mwenyewe. Kwa laghai, fedha hutoka kwa mhojiwa kwenda kwa wakala: "Tuma nauli kwenye nambari hii tukukatie tiketi, utarudishiwa ukifika", au "lipia chumba tulichokuwekea". Nambari ni ya mtu binafsi, na haraka ni nyingi. Hapo simu ikatwe.

Na wakala akisema, "Usijali malazi, utalala kwangu", au "kuna nyumba yetu ya wasichana", jibu ni hapana, hata kama ni bure. Hasa kazi ikiwa ya Uarabuni, na Mombasa ni kituo tu cha kukusanyia watu. Mawakala wa kazi za nje hutakiwa wawe wamesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na majina ya waliosajiliwa hutazamwa kwenye neaims.go.ke. Jina litazamwe pamoja na binti, herufi kwa herufi, kwa maana walaghai hupenda kujipachika jina linalokaribiana na la kampuni halali. Kisha mahali pa mahojiano pathibitishwe na jamaa aliyeko Mombasa: aende Jumamosi, atazame kama afisi ipo, na aulize mlinzi wa jengo kama Jumatatu kuna mahojiano.