Ujumbe wa asubuhi na wa usiku

Juma hili binti mmoja wa Bukavu alituonyesha simu yake. Kijana anayeanza kumchumbia huandika: «Malaika wangu, jua limetoka kwa ajili yako.» Rafiki yake wa Kadutu alipokea maneno yaleyale, kwa kijana mwingine!

Maneno ya kunakili tunayatambua hivi: hayana jina, wala jambo la jana, wala swali. Ya kweli ni mafupi: «Umeamkaje, Neema? Mvua ya jana ilikukuta sokoni? Mama anaendeleaje na kikohozi?» Usiku: «Kesho una mtihani. Lala vema, utaniambia ulivyokwenda.»

Na kesho yake aulize. Asipouliza, hata hayo aliyoyatunga mwenyewe yalikuwa bure. Tuwaambie na wana wetu wanaoandika.