Kijana anayependa muziki, na hesabu ya mwezi wa Januari

Wiki hii nataka tuzungumze na kijana wa Shinyalu, wa Lurambi, wa Ikolomani, ambaye mkono wake ukigusa kinanda au ngoma watu wote wanageuka kutazama. Unapenda muziki. Mama anataka usomee kitu chenye mshahara. Mhubiri mmoja amekuambia ufuate moyo wako, na mjomba amekuambia uache upuuzi. Wote wawili wamekushauri bila kushika kalamu, na ndiyo maana bado hujui la kufanya. Leo tushike kalamu.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu pesa ya muziki hapa kwetu, maana wengi mnaipenda kazi hii bila kujua inalipa kwa njia gani. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ni heshima kubwa. Lakini soma sababu zilizotolewa: wanaoijua vizuri wengi ni wazee, fedha na vifaa ni haba, na watunzi wanakimbilia muziki wa kuuza. Dunia iliipigia makofi ngoma yetu, lakini makofi hayalipi kodi ya nyumba.

Mwingine ananiambia, "Pasta, nitarekodi, nitapata mirabaha." Kumbuka mwaka 2019, chama cha hakimiliki za muziki, MCSK, kilipogawa pesa za mgao wa jumla. Kila mwanachama alipata shilingi 2,530, na wanamuziki walilalamika nchi nzima. Mrabaha unaweza kuja na ukija upokee, ila usiuhesabu kama mshahara kabla hujauona.

Kwa hiyo pesa halisi ya mwanamuziki wa Kakamega inatoka kwenye harusi, matanga, michango na mikutano. Ni pesa ya shughuli, nayo ina misimu. Desemba simu hailali. Agosti na Aprili, shule zikifungwa, kuna kazi. Januari kila mzazi analipa karo, na simu yako inanyamaza kabisa.

Sasa tuchukue kijana wa mfano. Takwimu hizi nimezitunga ili tuone njia. Wewe utaweka zako. Anapiga kibodi, na kila shughuli analipwa 3,000. Kwa mwaka mzima anapata shughuli 34: Desemba saba, Agosti tano, Aprili na Novemba nne nne, Januari na Februari moja moja, na miezi iliyobaki mbili mbili. Jumla ni 102,000. Akiigawa kwa kumi na mbili anaona 8,500 kwa mwezi na moyo unatulia kidogo. Usitulie bado. Kila shughuli ina bodaboda ya kubeba kibodi, matatu, na sehemu ya kukodi spika. Toa 700 kila mara. Kinachobaki ni 2,300 kwa shughuli, yaani 78,200 kwa mwaka.

Matumizi yake ni haya: chumba 3,000, chakula 4,500, ya kutumia nyumbani 1,500, na 1,000 ya nauli, simu na mchango wa bima ya afya ya SHA. Jumla 10,000 kwa mwezi, au 120,000 kwa mwaka. Pengo ni shilingi 41,800.

Hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo. Watu wanabishana nawe kana kwamba unachagua muziki au maisha. Hesabu inauliza swali dogo zaidi: hizo 41,800 zitatoka wapi? Kama kijana huyu anaweza kumsaidia fundi wa umeme kwa 700 kwa siku, pengo ni siku sitini kwa mwaka. Siku sitini tu! Lakini angalia Januari. Mwezi huo ana shughuli moja, 2,300, na amepungukiwa na 7,700. Hizo ni siku kumi na moja za kibarua ndani ya mwezi mmoja. Desemba haihitaji kibarua hata siku moja, tena inabakiza 6,100. Kwa hiyo mwezi wa kukupima ni ule mbaya, na pesa ya Desemba si ya kununua viatu. Hiyo ni pesa ya Januari iliyofika mapema.

Sasa muoze kijana huyo, mpe mtoto mmoja. Matumizi yanapanda hadi 18,000 kwa mwezi, na pengo linakuwa 137,800. Kwa kibarua cha 700 ni siku 197. Muziki unaanza kukosa pumzi, maana mtu aliyebeba mabomba ya umeme mchana kutwa hafanyi mazoezi usiku. Lakini kama miaka ile ya ujana alikwenda Sigalagala akasomea ufundi huo, akafuata leseni ya EPRA, akawa fundi wa 1,200 kwa siku badala ya msaidizi, pengo lile lile ni siku 115. Ujuzi umemrudishia zaidi ya siku themanini za muziki kila mwaka. Hii ndiyo sababu yangu ya kumwambia anayependa muziki asome kazi nyingine vizuri, asiidharau. Anayeijua nusu nusu ndiye itakayemmeza.

Na hiyo kazi nyingine uichague kwa saa zake, si kwa mshahara peke yake. Hili wazazi hawalifikirii. Muziki unafanywa Ijumaa usiku, Jumamosi na Jumapili. Ukiajiriwa duka la vifaa vya ujenzi, Jumamosi ndiyo siku ya wateja, na tajiri hatakuachilia uende harusini. Uuguzi unalipa kuliko kibarua, lakini zamu haijui kuwa una mazoezi ya kwaya. Boda nayo inavuna wikendi. Ufundi wa umeme, ushonaji, uselemala, hizo unaweza kumwambia mteja, "Nitakuja Jumatatu." Mtume Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, na siku ya sabato alikuwa sinagogi akihojiana na watu. Mahema yanangoja. Si kila kazi inangoja.

Ualimu ndio unaolingana na muziki kuliko zote, kwa sababu likizo zake ni Aprili, Agosti na Desemba, miezi ile ile ya harusi. Lakini una mtego ambao nimeona vijana wakiunasa mguu wakiwa wamechelewa. Ili TSC ikusajili mwalimu wa sekondari mwenye shahada, unahitaji C+ ya jumla katika KCSE na C+ katika masomo mawili utakayofundisha. Sasa wewe ulisoma shule ya kutwa isiyofundisha Muziki. Unapiga kinanda kuliko mwalimu yeyote wa kaunti hii, lakini kwenye cheti chako neno Muziki halipo. Mlango wa Maseno au Kenyatta, wenye idara za muziki, usiulize "Je, mnafundisha muziki?" Uliza, "Nikimaliza, kwa cheti changu hiki cha KCSE, TSC itanisajili kufundisha nini?" Ulipate jibu kabla hujalipa hata shilingi. Na hata ukisajiliwa, weka hesabu ya kungoja. Walimu wa mafunzo kazini waliopelekwa Sekondari Msingi mwaka 2023 walianza na posho ya shilingi 20,000 kabla ya makato, na wengi walikaa hivyo zaidi ya mwaka mmoja. Mtu aliyekopa akitegemea mshahara kamili tangu mwezi wa kwanza aliumia.

Je, kuna wakati wa kuacha kazi ya pili na kuishi kwa muziki tu? Upo. Chukua taarifa yako ya M-Pesa ya miezi kumi na miwili, weka alama kila malipo ya muziki, kisha toa gharama. Tafuta miezi mitatu iliyo mibaya kuliko yote. Ikiwa hata hiyo mitatu inalipa chumba, chakula na nyumbani, hapo tunaweza kuzungumza. Angalia pia ni nani anayekuita. Ukiitwa na binamu na marafiki peke yao, hiyo bado ni jamaa, si soko. Ukianza kuitwa na watu wa Mumias au Butere usiowajua, nao wanatuma malipo ya awali bila kusukumwa, soko limeanza. Na kama kwa miaka mitatu idadi ya shughuli haijapanda wala bei haijapanda, usiseme ni vita vya kiroho. Huenda kijiji chako kina harusi chache tu, na wapiga kibodi mmekuwa sita.

Wazazi, nanyi nina neno. Mtoto wa kwanza mwenye wadogo watatu shuleni hana hesabu sawa na kitinda mimba ambaye ndugu zake wameshika kazi. Ile 1,500 ya nyumbani niliyoandika hapo juu, wengine wenu mnadai 6,000. Ni haki yenu kuomba msaada, lakini mkae naye mezani mtaje kiasi, ili asijipangie maisha kwa takwimu ya uongo. Wengi wanaoonekana wamekataa ushauri hawakuambiwa kamwe nyumbani panahitaji pesa ngapi.

Na makanisa. Fundi wa jenereta akija siku ya kongamano tunamlipa, tena kabla hajawasha. Mwenye hema analipwa. Mpiga kinanda aliyekesha siku tatu anaambiwa Mungu atamkumbuka. Halafu tunashangaa akienda kupiga baani Ijumaa. Huduma ya Jumapili anaweza kuitoa kama sadaka yake, hilo ni kati yake na Bwana. Lakini kongamano la siku tatu, harusi ya mshirika mwenye gari mbili, mchango wa kununua basi, hizo ni shughuli. Mhazini aandike kiasi kwenye bajeti, kwenye mstari wake, karibu na jenereta.

Wenye watoto wa Gredi ya 9, mwaka huu wanachagua njia za sekondari ya juu. Muziki na Dansi umo ndani ya njia ya Sanaa na Michezo. Kabla mtoto hajaijaza, nendeni shule yenyewe mkaulize mambo mawili: kama somo hilo linafundishwa pale kweli, na kama mwalimu wake tayari yuko shuleni.