Daftari la saa: majibu kwa fundi wa Kalemie

Mteja anaingia karakana ya kuchomelea chuma, anaeleza mlango anaoutaka, kisha anauliza maswali mawili: bei gani, na utakuwa tayari lini? Fundi anatazama juu kidogo, anataja siku na bei, wanaandikiana karatasi ya devi, avansi inatolewa. Siku hazitoshi, bei nayo haitoshi. Wiki ya pili mteja anapiga simu kila asubuhi, na fundi anafanya kazi ambayo malipo yake yamekwisha kuliwa. Dawa ipo, na ni ya bei ya daftari la shule: kuandika saa zilizotumika katika kila kazi, ili kazi ijayo ikadiriwe kwa saa za kweli. Nimezisikia sababu za kuikataa dawa hii, na nyingine zina uzito. Nataka kuzijibu.

Ya kwanza husemwa na waliobobea: nimefanya kazi hii miaka mingi, milango naijua, niandike nini tena? Mkono wa fundi huyo unaujua mlango, sikatai. Lakini kujua namna kazi inavyofanyika hakumpi mtu hesabu ya muda inaokula. Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza kosa hili mwaka 1979: mtu anapokadiria kazi, huiwaza kazi iliyo mbele yake hatua kwa hatua, jinsi itakavyokwenda vizuri, wala harudi nyuma kuuliza kazi zilizofanana nayo zilichukua muda gani. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake walilipima jambo hilo kwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Kanada waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria siku 34 hivi. Wakatumia zaidi ya 55. Walipoombwa waseme itakuwaje mambo yote yakiharibika, walitaja siku 49 hivi, nazo hazikufika. Watafiti hao waliona pia jambo linalomhusu fundi moja kwa moja: mtu akikumbuka ucheleweshaji wa zamani, huuhesabu kuwa ajali ya siku ile tu. Umeme ulikatika, msaidizi aliugua, mteja alibadili kipimo. Kila mara sababu ni nyingine, kwa hiyo kila mara anaona haihusu kazi ya leo. Miaka mingi ya uzoefu haiondoi tabia hiyo, kwa sababu kumbukumbu yenyewe ndiyo inayochuja. Saa zilizoandikwa siku ileile hazichujwi.

Hoja ya pili ndiyo nzito, nayo ni ya hapa kwetu hasa. Kalemie, wanasema, hakitabiriki kitu. Umeme unatoka mbali, kituo cha umeme wa maji cha Bendera, na siku ukikatika mashine inanyamaza. Mabati na mabomba ya chuma huja kwa meli kupitia ziwani au kwa safari ndefu kutoka Lubumbashi. Chombo kikichelewa, fundi anakaa. Utaandikaje saa za mambo usiyoyatawala?

Hoja hiyo inachanganya vitu viwili ambavyo daftari linapaswa kuvitenga. Kuna saa za mikono na kuna siku za kungoja. Saa za mikono ni muda ambao mtu anakata, anachomelea, anasaga, anapaka rangi, anapandisha mlango ukutani. Siku za kungoja ni zile ambazo kazi imelala pembeni. Za kwanza zinaamua bei, za pili zinaamua tarehe. Anayeziweka safu moja hupata namba isiyomsaidia popote: atasema mlango ulichukua siku tisa, asijue kama alifanya kazi siku tatu na kungoja sita, au kinyume chake.

Kungoja nako kuna umbile. Tuchukue mfano wa karakana iliyoandika milango kumi, na siku za kungoja zikipangwa kuanzia ndogo ziwe hivi: 0, 1, 1, 1, 2, 2, 3, 3, 4, 9. Hakuna anayeweza kusema mlango wa kumi na moja utangoja siku ngapi. Lakini milango minane kati ya kumi haikungoja zaidi ya siku tatu. Basi fundi akihesabu siku zake za kazi na kuongeza tatu, ahadi yake itatimia mara nyingi zaidi ya kuvunjika, na ile 9 atajua ilitoka wapi: labda ni kazi iliyohitaji bati la unene usiopatikana mjini. Kwa kazi ya namna hiyo hatoi tarehe kabla chuma hakijafika, na anamwambia mteja hivyo mbele ya avansi. Jambo usilolitawala bado unaweza kulihesabu. Wavuvi wa ziwani hawautawali upepo, na wanajua vizuri miezi ya kutoka na miezi ya kufunga chombo. Daftari likifika mwaka, tenganisha kurasa za masika na za kiangazi, maana rangi haikauki vilevile Januari na Julai.

Kitu kimoja cha kungoja hugusa bei: umeme ukikosekana na fundi akawasha jenereta, mafuta ni gharama. Andika lita pembeni ya saa.

Kuna wanaokubali kwamba makadirio yao ni madogo, lakini wanasema hawahitaji daftari: ukishapiga hesabu, ongeza nusu, basi. Ushauri huu umeenea sana, na unaharibu zaidi ya unavyosaidia. Nitaueleza kwa kazi moja, hatua kwa hatua.

Chukua mlango wa chuma wa bawa moja. Fundi anakadiria saa mbili za kupima na kununua vifaa, tatu za kukata, tano za kuchomelea, tatu za kusaga na kupaka dawa ya kutu na rangi, tatu za kusafirisha na kupachika. Jumla 16. Sasa tuseme daftari, baada ya milango kadhaa, linaonyesha kwa kawaida saa 3 za kupima na kununua, 3 za kukata, 6 za kuchomelea, 4 za kusaga na rangi, na 8 za kupachika. Jumla 24. Gawa 24 kwa 16 upate 1.5, na mwenye kuongeza nusu atashangilia: si nilisema?

Tazama ndani ya jumla. Kukata hakukuzidi hata dakika. Kilichokula muda ni kupachika, na kila fundi anajua sababu akiulizwa: ukuta haukusimama wima, mwashi hajamaliza kizingiti, tundu ni finyu kwa sentimita mbili, unarudi karakana kusaga, unarudi tena siku ya pili kuziba kwa saruji. Anajua, ila anapokadiria anauona mlango ukiingia mahali pake mara moja.

Sasa aje mteja anayetaka mlango huohuo lakini ataupachika mwenyewe. Makadirio ya kichwani ni saa 13. Ongeza nusu, unapata 19 na nusu, wakati daftari linasema 16. Umemtoza saa tatu na nusu za bure, naye anavuka barabara kwenda kwa jirani yako. Kesho yake aje mwingine anayetaka vyuma vya madirisha sita katika nyumba iliyokwisha kujengwa: kichwani saa 12 za karakana na 6 za kupachika. Ongeza nusu, unapata 27. Lakini kazi za karakana huzidi kidogo tu, 16 kwa 13, basi zile 12 zitakuwa kama 15. Na kupachika, kwa kipimo cha 8 kwa 3, kutakula saa 16. Jumla 31. Kazi ya kwanza umeipoteza kwa kuwa ghali, ya pili umeipata kwa hasara, na nusu uliyoongeza ni ileile. Kosa la makadirio linakaa katika hatua fulani. Lisipopatikana hatua yake, kuongeza ni kubahatisha kwa mara ya pili.

Hapo ndipo inapoonekana namna ya kuandika. Hatua tano zinatosha. Ukiweka kumi na tano, wiki ya pili hakuna atakayejaza. Kabla ya kuanza, andika makadirio ya kila hatua, maana ukiyaandika kazi ikiwa katikati, macho yameshaona jibu. Kisha andika saa ya kuanza na ya kuacha papo hapo, kwa saa ya simu. Daftari linalojazwa Jumamosi kwa wiki nzima ni kumbukumbu ileile ya kichwani iliyovaa wino. Utalitambua kwa namba zake, kila kitu saa mbili kamili au saa nne kamili. Na hesabu watu wote: fundi na msaidizi wakifanya kazi saa tatu pamoja, ni saa sita. Mafundi wengi hujihesabu wenyewe tu, halafu hawaelewi pesa ya msaidizi inatoka wapi.

Wasemao kwamba mteja atakimbia bei ya kweli nawajibu kwa kifupi. Wengine watakimbia, hasa kwa kazi ambazo ulikuwa unazifanya kwa hasara, na hizo ziende. Kwa waliobaki una la kuonyesha: badala ya kupunguza bei kwa aibu, unamwambia mteja kupachika peke yake kunakula theluthi ya saa, akimtaka mwashi wake aifanye kazi hiyo, bei inashuka kiasi hiki. Mnajadiliana juu ya kazi, na fundi hauzi jasho lake gizani.

Mwisho kuna hoja kwamba kila kazi ni mpya. Ina ukweli, na daftari lina mipaka yake. Milango miwili haitoshi kukuambia kitu. Ukinunua mashine mpya au msaidizi mzoefu akaondoka, namba za zamani za hatua ile zimekufa, anza upya kwa hatua hiyo. Na mnara wa tangi la maji hujawahi kuujenga, basi hakuna ukurasa wake. Lakini hata mnara unapimwa, unakatwa, unachomelewa, unapakwa dawa ya kutu. Hatua hizo unazo, na ile isiyo na historia, kuusimamisha mnara, unaijua kuwa ndiyo hatari. Itenge katika devi, iandikie bei yake peke yake, na umwambie mteja kwamba hiyo ndiyo inayoweza kubadilika.

Fundi unayesoma haya, usingoje kazi zitulie. Karatasi ya devi utakayoandika safari ijayo, igeuze nyuma, uandike makadirio ya saa za hatua tano kabla mteja hajaondoka, uibandike kwenye daftari. Milango mitano ikishapita, zitumie saa za kweli ulizoandika kupanga bei.