Damu Katika Mimba Changa



Dada mmoja aliyeolewa Kabati, huko Kitui, ametuletea swali. Hedhi yake ya mwisho ilianza wiki 7 zilizopita, na kipimo cha mkojo kimeonyesha kuwa ana mimba. Kwa siku mbili sasa anaona matone ya damu ya rangi ya kahawia, na tumbo linamsokota kidogo kama siku za hedhi. Mavyaa wake amemwambia alale kitandani asubiri. Je, asubiri?

Kwanza tumtulize. Takriban mwanamke 1 katika kila 4 huona damu kidogo katika miezi mitatu ya mwanzo, na wengi wao huendelea na mimba hadi kujifungua salama. Shingo ya kizazi wakati huu hujaa damu, hata tendo la ndoa laweza kuitonesha. Kizazi nacho kinapotanuka huleta msokoto mwepesi. Rangi ya kahawia huonyesha tu kuwa damu imekaa kabla ya kutoka.

Hata hivyo, uchache wa damu usimdanganye mtu. Ipo mimba inayotunga nje ya kizazi, aghalabu katika mmoja wa mirija inayopeleka yai. Mrija ni mwembamba, hauwezi kubeba mimba inayokua; hupasuka, mara nyingi kati ya wiki ya 6 na ya 10. Hapo damu nyingi humwagikia ndani ya tumbo, na nje hutoka matone tu. Asiyejua kuwa ni mjamzito huyahesabu matone hayo kuwa ni hedhi iliyochelewa. Hukumu ya damu hiyo katika swala na aulizwe mwanachuoni. Hatari yake iangaliwe na daktari, na la pili lisingoje la kwanza.

Dalili zake ni maumivu makali, hasa ya upande mmoja chini ya kitovu. Kizunguzungu au kuzimia anaposimama. Na maumivu kwenye ncha ya bega. Bega linauma kwa sababu damu iliyo tumboni huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, ambacho mishipa yake ya fahamu ni ile ile ya bega. Tuongeze mbili nyingine: damu inayolowesha pedi mbili kwa saa moja, na homa pamoja na uchafu unaonuka, ambayo ni alama ya maambukizo. Ikitokea mojawapo ya hizi, hakuna kungoja asubuhi. Itafutwe gari, wala asipakiwe peke yake kwenye bodaboda, kwani akizimia ataanguka.

Dada yetu hana dalili hizo, basi ana nafasi ya kwenda kwa utulivu, lakini aende leo au kesho. Kulala kitandani hakuzuii mimba kutoka, na dawa za miti huenda zikaongeza madhara. Maumivu yakimsumbua, atumie parasetamoli, aepuke aspirini na ibuprofeni mpaka amwone daktari. Avae pedi, si kitambaa cha kusukumwa ndani, ili aweze kueleza kiasi cha damu. Ajiepushe na tendo la ndoa kwa sasa.

Kutoka Kabati anaweza kuanzia hospitali ya Kauwi, au kwenda moja kwa moja hospitali ya rufaa ya Kaunti mjini Kitui. Aseme tarehe ya hedhi ya mwisho, siku damu ilipoanza, na kama aliwahi kupasuliwa tumbo au kupata mimba ya nje. Atapimwa shinikizo la damu, wingi wa damu na kundi la damu. Kundi lina maana yake: mwenye damu hasi huenda akahitaji sindano ya kumkinga mtoto wa mimba ijayo. Kisha aombe skani. Kwa wiki 7, skani kwa kawaida huonyesha mimba ilipo na hata moyo ukipiga. Moyo ukionekana ndani ya kizazi, matumaini ni makubwa.

Huenda skani isionyeshe kitu. Pengine tarehe zimekosewa na mimba bado ni changa mno, pengine imetoka, pengine iko nje ya kizazi. Katika hali hiyo asikubali kuambiwa tu “imetoka, nenda nyumbani.” Aulize ni lini atapimwa homoni ya mimba katika damu, ambayo hupimwa mara mbili kwa kupishana saa 48, na ni lini atarudia skani. Mpaka jibu lipatikane, asilale nyumba isiyo na mtu wa kumpeleka hospitali, na mavyaa azijue dalili tulizozitaja.

Na ikiwa mimba imetoka, mara nyingi chanzo ni kasoro katika mbegu tangu mwanzo wa kutunga. Si ndoo aliyoibeba, wala si hasira aliyoipata. Asilaumiwe na mtu.

Mwenyezi Mungu amhifadhi yeye na kilicho tumboni mwake.